Siku ya mvua na bei ya bati

(Maongezi ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu wasikilizaji, na wewe ndugu msomaji uliyenunua gazeti hili kituoni huku ukisubiri basi, juma hili ningependa tuzungumze juu ya kuomba. Sisemi juu ya kuomba kwa mtu aliyeketi pembeni mwa barabara. Nasema juu ya kamati ya shule ambayo imejenga kuta, imeishiwa, na sasa inatafuta fedha za paa.

Zamani kamati ya namna hiyo ilikuandikia barua. Karatasi moja, muhuri wa wino wa zambarau chini yake, na kadi ya mchango ndani ya bahasha. Siku hizi inakuletea vidio ya dakika mbili ndani ya simu. Barua uliweza kuiweka juu ya kabati ukaisahau. Vidio inakufuata hadi kitandani, na mara nyingi inakuja na muziki wa kilio na sauti nzito inayokueleza kwamba usipotoa leo, basi watoto wale wamekwisha.

Nina sababu ya kulisema jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuandika maneno ya filamu fupi ya kuchangia shule moja ya kijijini. Nilikwenda huko na mpiga picha. Mtoto mmoja alikuja amevaa kandambili mpya kabisa. Mpiga picha akamwambia azivue, nami nikanyamaza. Picha ya nyayo zake ilitoka vizuri mno, watu walitoa, na kazi ikasifiwa. Baada ya miezi michache nilikutana na baba wa mtoto yule, fundi baiskeli. Hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Mwandishi, zile kandambili nilizomnunulia mwanangu mlizipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Lakini tangu siku ile nimejifunza namna ya kuifanya kazi ile bila kuwavua watoto viatu, na ndiyo ninayotaka tuitazame leo hatua kwa hatua.

Tuchukue barua moja. Nimeitunga mimi mwenyewe ili nisimwaibishe mtu, na bei zilizomo ni za mfano, ingawa kila aliyewahi kupokea kadi ya mchango ataitambua. Inatoka katika shule shikizi, yaani shule ndogo ambayo wananchi huianzisha karibu na makazi yao kwa ajili ya watoto wadogo wasioweza kutembea hadi shule mama. Barua inasema hivi:

"Ndugu, kamati ya shule yetu inakusalimu. Shule ina wanafunzi 124 wa awali, darasa la kwanza na darasa la pili. Tuna vyumba viwili vya madarasa. Chumba cha tatu wananchi wamekijenga kwa nguvu zao hadi lenta, lakini hakina paa. Kutokana na hali hiyo wanafunzi wanasoma katika mazingira magumu na kuna changamoto nyingi, hasa wakati wa mvua. Tunahitaji shilingi 4,000,000. Tunaomba mchango wako wa hali na mali."

Hii ni barua ya watu waaminifu. Haina uongo hata mmoja. Ubaya wake ni kwamba haionekani. "Mazingira magumu" hayapigiki picha. "Changamoto nyingi" hazina sura wala sauti. Mtu akiisoma mbele ya kamera, mtazamaji atakuwa ameifunga kabla ya kufika kwenye kiasi cha fedha.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Tunaona kwamba barua ni baridi, basi tunaipasha moto kwa kuongeza maneno: magumu yanakuwa ya kutisha, wakati wa mvua inakuwa kila siku, na watoto 41 wanakuwa mamia ya watoto. Kumbe dawa yake ni kinyume cha hayo. Barua ile haikupungukiwa ukubwa, ilipungukiwa udogo. Inahitaji kuteremshwa kutoka kwenye neno la jumla hadi kwenye kitu kimoja kinachoweza kuonekana kwa macho.

Kwa hiyo hatua ya kwanza hufanyika bila kamera. Ni kukaa na mwalimu na kamati, kuchukua kila neno la jumla katika barua, na kuuliza: hili ni lipi? Ni nani aliyeliona? Ni mara ngapi?

Mazingira magumu ni yapi? Jibu: darasa la pili, lenye watoto 41, halina chumba. Wanasomea chini ya mwembe. Na changamoto za mvua ni zipi? Jibu: mvua ikianza, mwalimu na watoto hubeba ubao wakaingia katika chumba cha darasa la kwanza, ambalo lina watoto 47. Jumla wanakuwa 88 katika chumba kimoja, wakati kiwango kinachotakiwa na serikali kwa darasa la shule ya msingi Tanzania ni watoto 45. Madawati yaliyomo ni 16, kila moja la watoto watatu, yaani nafasi 48. Basi watoto 40 hukaa sakafuni au husimama.

Swali la mara ngapi ndilo ambalo watu husahau, nalo ndilo linaloulinda ukweli. Mwalimu anafungua shajara yake na kuhesabu: muhula uliopita, siku za namna hiyo zilikuwa 19. Hazikuwa siku zote za muhula. Mwandishi mwenye haraka atasikitika kwamba idadi ni ndogo. Lakini endelea kuuliza: siku hizo 19 kunatokea nini? Mwalimu anasema: "Mwenzangu akifundisha, mimi nangoja. Nikifundisha mimi, yeye anangoja." Hapo sasa tumefika. Hasara yenyewe haiko katika kuloa tu. Siku ya mvua kila darasa hupata nusu ya masomo yake, na hawa ni watoto walio katika umri wa kujifunza kusoma na kuandika. Jambo hilo barua haikulisema kabisa, nalo lina uzito kuliko kivumishi chochote.

Hatua ya pili ni kuamua nani atazungumza. Hapa kuna utafiti ambao kila mwenye kuchangisha fedha anapaswa kuujua. Mwaka 2007 wataalamu watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Watu walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso, kisha wakapewa nafasi ya kuchangia shirika la kusaidia watoto. Walioonyeshwa habari za msichana mmoja wa miaka 7 kutoka Mali, aitwaye Rokia, walitoa wastani wa dola 2.38. Walioonyeshwa takwimu za mamilioni ya watu wenye njaa walitoa dola 1.14. Na waliopewa vyote viwili pamoja, msichana na takwimu, walitoa dola 1.43 tu. Takwimu zilipokaa kando ya mtoto, zilipoza mkono.

Basi wajanja wamelichukua fundisho hilo wakasema: tafuta mtoto mmoja, tena aliye hoi kuliko wote, uiache hesabu. Nusu ya kwanza ya ushauri huo ni sahihi, na nusu ya pili ndiyo inayotuingiza katika uongo. Mtoto mmoja ndiye anayeonekana, kweli. Lakini awe mtoto wa katikati, ambaye mambo yake ni mambo ya wenzake wengi darasani. Ukimchagua yatima pekee mwenye ugonjwa katika darasa la watoto 41, kila utakachomwonyesha kitakuwa kweli, na bado mtazamaji atakuwa amedanganywa kuhusu wale 40 wengine. Na hesabu haitupwi. Inakuja baada ya mtoto, mara moja, kwa idadi iliyo ndogo kiasi cha kuweza kuionja akilini: 41, 88, 19. Idadi ya 124, iliyokuwa ya kwanza katika barua, tunaiacha, kwa kuwa si wote 124 wanaosomea chini ya mti. Kuiweka pale kungemfanya mtazamaji adhani hivyo.

Hatua ya tatu ni saa. Vidio ya dakika mbili haina nafasi ya maneno mengi kama tunavyodhani. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Mtu akisoma kwa utulivu, hesabu maneno kama 100 kwa dakika, na picha nazo zinahitaji kimya ili zionekane. Maneno 150 yanatosha kabisa. Njia ya kupima ni kusoma kwa sauti huku umeshika saa, na palipo na picha inayojieleza yenyewe, kufuta sentensi. Ikiwa picha inaonyesha mwembe, msimulizi asiseme "watoto wanasoma chini ya mwembe". Tumekwisha kuuona.

Sasa hii hapa skripti yenyewe, ikiwa imeandikwa kama inavyoandikwa kazini: picha kwanza, kisha sauti.

PICHA: Ubao mweusi umeegemezwa kwenye shina la mwembe. Mtoto anaufuta kwa kitambaa.
SAUTI: Hakuna msimulizi. Watoto wanasoma silabi pamoja. (Sekunde 12)

PICHA: Binti wa darasa la pili, ameketi. Kamera iko usawa wa macho yake.
BINTI: "Mimi nakaa hapa, karibu na mzizi huu. Mwalimu akiandika chini kabisa ya ubao, sioni. Wa mbele wananisomea."

PICHA: Darasa zima chini ya mti, kutoka kando.
MSIMULIZI: "Darasa la pili lina watoto 41. Siku ya jua, mwembe unawatosha."

PICHA: Shajara ya mwalimu. Kidole kinapita juu ya tarehe.
MWALIMU: "Hizi ndizo siku za mvua muhula uliopita. Kumi na tisa. Siku kama hizi tunabeba ubao, tunaingia kwa darasa la kwanza. Wanakuwa watoto themanini na wanane, chumba kimoja."

PICHA: Chumba kitupu. Madawati 16. Kamera inapita polepole, kimya.
MWALIMU: "Mwenzangu akifundisha, mimi nangoja. Nikifundisha mimi, yeye anangoja."

PICHA: Kuta za chumba cha tatu hadi lenta. Mama wa kamati ameweka mkono juu ya tofali.
MAMA: "Tofali hizi tulifyatua wenyewe. Mchanga tuliusomba. Hapa ndipo tulipofika."

PICHA: Orodha ya gharama iliyoandikwa kwa mkono.
MSIMULIZI: "Paa ni shilingi milioni nne. Kijiji kimekwisha changa milioni moja na laki mbili. Zimebaki milioni mbili na laki nane. Shilingi elfu thelathini na tano ni sawa na bei ya bati moja. Fedha zote zinaingia katika mfuko wa paa: mabati, mbao na misumari, fundi na usafiri."

PICHA: Ndani ya chumba kisicho na paa, kamera inatazama mbingu. Maandishi: jina na namba ya akaunti ya shule.
MSIMULIZI: "Masika huanza Machi."

Imekwisha. Naomba sasa nieleze mambo ambayo hayamo, maana hayakusahaulika.

Hakuna picha ya mvua. Tulipiga wakati wa kiangazi, na mtu angeweza kupanda ngazi na ndoo ya maji. Wako wanaofanya hivyo. Hali kadhalika hakuna picha ya watoto 88 wamejazana. Tungeweza kuwaita darasa la pili waingie ndani siku ya jua, lakini hilo lingekuwa igizo linalojifanya habari. Ndiyo maana tukaonyesha chumba kitupu na madawati 16, tukamwacha mwalimu aseme. Mtazamaji anajijazia watoto mwenyewe, na hakuna aliyemdanganya. Anayetaka picha ya mvua kweli basi amwachie mwalimu simu, na angoje siku inyeshe.

Kuna hila nyingine ambayo mtazamaji hawezi kuigundua kwa urahisi. Mpiga picha akisimama mbali na kuvuta kwa lenzi ndefu, watu waliokaa mbalimbali huonekana wamebanana kama dagaa. Akipiga kutoka juu, mtoto huonekana mdogo na mnyonge. Hakuna neno la uongo lililosemwa, ila kamera imelisema. Kwa hiyo katika skripti tumeandika kabisa: usawa wa macho yake, na kutoka kando.

Halafu ile sentensi maarufu, "bila wewe watoto hawa hawatasoma", nayo haimo. Si kweli. Wanasoma. Walisoma mwaka jana, na watasoma mwaka huu chini ya mwembe. Ambacho hawapati ni nusu ya siku zile 19. Kusema zaidi ya hapo ni kumtukana mwalimu anayefundisha pale.

Tuje kwenye fedha, maana uongo mwingi umejificha humo, tena kwa sura ya ukarimu. Gharama katika mfano wetu ni hizi: mabati 42 kwa shilingi 35,000 kila moja ni 1,470,000, mbao na misumari 1,650,000, fundi 600,000, usafiri 280,000. Jumla 4,000,000. Watu hupenda kununua bati, kwa sababu bati linaonekana; hakuna anayetamani kununua usafiri wa lori. Basi mwandishi hushawishika kusema, "Shilingi 35,000 zako zitanunua bati." Lakini fedha zilizobaki kutafutwa, 2,800,000, zingenunua mabati 80, na paa linahitaji 42. Watu 80 wataambiwa kila mmoja kanunua bati, na zaidi ya theluthi moja yao watakuwa wamedanganywa, ingawa hakuna aliyeiba senti. Ndiyo maana tumeandika "ni sawa na bei ya bati moja", na mara hiyo hiyo tukasema fedha zinaingia mfuko mmoja. Ni maneno machache tu, lakini yanamwokoa mwenyekiti wa kamati siku atakapoulizwa, "Bati langu liko wapi?"

Jambo la mwisho ni yule binti. Mzazi wake aonyeshwe vidio iliyokamilika kabla haijatoka, wala asitiwe tu saini kwenye karatasi siku ya kupiga. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na sura ya mtoto si kitu cha kuchezea. Lakini hata bila sheria, jiulize: binti huyu akiwa na miaka 20, ataweza kuitazama vidio hii mbele ya wachumba na wakwe bila kuinamisha kichwa? Katika skripti yetu anasema mahali anapokaa na kitu asichokiona. Hakulia, na hakuulizwa kama ana njaa. Jina lake halimo, wala la kijiji halitajwi pamoja na sura yake. Nadhani ataitazama.

Sitawaficha upungufu wa njia hii. Vidio ya kilio huenda ikaleta fedha nyingi zaidi katika juma la kwanza. Lakini shule haijengwi kwa paa moja. Baada ya paa kuna sakafu, kuna vyoo, kuna madawati, na watakaoombwa ni watu wale wale. Kwa hiyo fedha zikipatikana, kamati irudi na vidio ya pili, fupi, ya sekunde 40: orodha ile ile iliyoandikwa kwa mkono, sasa ikiwa na kiasi kilichotumika kando ya kila mstari, na binti yule yule akionyesha mahali anapokaa. Ikiwa zimezidi, iseme zimekwenda wapi. Ikiwa bei ya mbao ilipanda na paa limeishia nusu, iseme hivyo pia.

Na wewe msomaji unayepokea vidio hizi, sasa unajua la kutafuta. Je, wamesema mara ngapi, au wamesema "kila siku"? Je, wamekuonyesha walichokwisha kutoa wao wenyewe? Je, akaunti ni ya shule au ya mtu? Na yule mtoto mbele ya kamera, je, amesema neno lolote la kwake, au amewekwa tu pale ili atazamwe?

Yule baba fundi baiskeli bado yupo. Nikipita kwake huniwekea upepo na kukataa malipo, jambo ambalo huniumiza kuliko kama angenidai.